Uso kung'aa saa sita si lazima uwe na ngozi ya mafuta

"Mliniuzia sabuni ya ngozi ya mafuta, sasa mashavu yananichubuka." Malalamiko haya hutufikia kila joto la Dar linapopanda. Ukimuuliza mteja alijuaje kuwa ana ngozi ya mafuta, atakwambia uso unang'aa. Lakini mwezi wa pili mjini hapa hata mwenye ngozi kavu anang'aa, kwa jasho.

Ngozi isomwe siku ya kawaida, isiwe siku uliyofanya skrabu. Asubuhi osha uso kwa sabuni laini ya maji na maji yasiyo ya moto, kausha kwa kugusagusa, kisha usipake kitu, hata poda. Baada ya nusu saa, tabasamu na fumbua mdomo. Mashavu yakibana na kuvuta, yana ukavu. Yakitulia, subiri mchana.

Saa sita chukua tishu kavu, ibandike kwenye paji, pua, kidevu na kila shavu, kipande kimoja kwa kila sehemu. Vibandue, viache vikae dakika chache ndipo uviinue kwenye mwanga. Alama ya jasho itakuwa imekauka na kupotea. Ya mafuta inabaki, na karatasi inapenyeza mwanga. Rudia jioni. Mafuta kila sehemu ni ngozi ya mafuta. Yakiwa paji, pua na kidevu tu, ni mchanganyiko. Tishu safi na uso uliobana tangu asubuhi ni ngozi kavu. Safi bila kubana, ya kawaida.

Vitundu vya vinyweleo viangalie dirishani, si kwa taa ya bafuni. Vikionekana puani tu huku mashavu yakiwa laini, hiyo ni dalili nyingine ya mchanganyiko. Ila visikupe jibu peke yake, maana ukubwa wake ni wa kurithi pia, na huongezeka kwa umri.

Dada mmoja anayeshinda ofisini kwenye kiyoyozi alikuja akiwa na hasira, akisema tumemwibia. Alikuwa akiosha uso mara nne kwa siku kwa sabuni ya kipande, kwa sababu ni rahisi na "inakata mafuta". Tishu zake zilionyesha mafuta puani na kwenye paji. Za mashavuni zilitoka safi, na mashavu yalikuwa yamebana tangu saa mbili. Sabuni ile iliondoa mafuta machache ya mashavuni, wakati pua iliendelea kutoa ya kwake. Tulimrudisha kwenye kuosha mara mbili kwa sabuni laini, losheni nzito mashavuni na nyepesi puani. Fedha aliyokwishatumia kwa krimu za kutuliza mchubuko ilizidi ada yetu ya kuangalia uso, ile aliyoiona ghali.

Kwa hiyo hatuuzi sabuni kwa picha ya WhatsApp. Mwenye magamba, muwasho au vidonda aanze kwa daktari wa ngozi, na anayetumia krimu ya kujichubua atuambie mapema, kwa kuwa hiyo hubadilisha dalili zote. Wengine njooni mchana, uso ukiwa haujapakwa kitu tangu asubuhi.