Shoga, nakueleza habari za likizo hapa kituoni

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salamu za mama nimezipata, mwambie shikamoo. Siku ile ulipopiga kuniuliza lile tangazo la kituo changu cha kulea watoto wakati wa likizo nilikujibu kwa mkato, geti lilikuwa limejaa wazazi. Leo watoto wameshaondoka, nimepata nafasi ya kukueleza.

Shule zikifungwa mwezi wa sita nitapokea watoto wa miaka 3 hadi 9 kwa wiki tatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Nafasi ni 28 tu. Wadogo, yaani miaka 3 hadi 5, watakuwa 16 na walezi wawili katika chumba cha mbele. Wakubwa 12 watakaa na mwalimu mmoja kwenye banda la nyuma. Nimewatenganisha makusudi. Mwaka jana niliwachanganya, na mtoto wa miaka 8 akamgawia wa miaka 3 karanga zake kwa upendo kabisa. Mdogo zilimpalia, tukampiga mgongoni akazitema, lakini mimi miguu iliisha nguvu. Kwa hiyo karanga, ubuyu na pipi ngumu hazipiti getini, hata ukiziweka kwenye begi la yule mkubwa wako.

Tunafungua saa 1 asubuhi, tunafunga saa 11 jioni. Najua foleni ya kutoka Kariakoo, ndiyo maana nusu saa ya kwanza sihesabu. Kuanzia saa 11 na nusu ni shilingi 2,000 kwa kila nusu saa, na hela hiyo anapewa mlezi aliyebaki, haiingii mfukoni mwangu. Ada ni shilingi 35,000 kwa wiki, ndani yake kuna uji, chakula cha mchana na tunda. Mtoto wa pili wa nyumba moja ni 25,000. Wako wawili ni 60,000 kwa wiki, zote tatu 180,000. Ukileta kwa siku moja moja ni 8,000 kwa mtoto, hivyo siku tano zitakugharimu zaidi. Naomba ilipwe wiki kwa wiki, kabla ya Jumamosi, maana ndiyo siku ninayokwenda sokoni Buguruni.

Sasa suala la geti. Siku za kawaida nawajua wote: mama yupi, bibi yupi, dada wa kazi wa nani. Likizo inaleta sura ngeni. Watoto wenyewe ni wageni, wanaowachukua ni wageni, na binamu kutoka mkoani anatumwa bila mimi kuambiwa. Desemba alikuja kijana wa bodaboda saa 10 jioni, akataja jina la mtoto na la mama yake sawasawa. Mtoto akamkimbilia akicheka. Nikampigia mama, simu imezimwa. Nikakataa. Kijana akakasirika, akaniambia namharibia kazi. Mama akafika saa 12 na nusu, kumbe ni kweli alimtuma, simu iliisha chaji. Alininunia siku mbili. Mimi sikujuta, kwa sababu kujua jina si kitu, jina la mtoto limeandikwa kwenye begi, na mtoto humkimbilia yeyote aliyewahi kumpakia.

Kwa hiyo safari hii kila mtoto ana fomu yenye majina ya watu watatu, picha zao na namba zao. Anayekuja anatia sahihi na saa kwenye daftari. Ukibadilisha mtu, nipigie wewe mwenyewe kabla ya saa 9. Ujumbe wa maandishi haunitoshi, simu yako inaweza kuwa mkononi mwa mtu mwingine. Hata baba yao, kama hayumo kwenye fomu, atasubiri. Mweleze mapema asije akaniona nina kiburi.

Ndani tunahesabu watoto kila nusu saa na kila wanapohama, hasa kutoka chooni. Ndoo zote za maji zina mifuniko na zimeinuliwa, maana mtoto wa miaka 3 anaweza kuzama kwenye ndoo isiyojaa. Safari ya ufukweni nimeifuta: Haisi niliyopata haikuwa na mikanda, na baharini walezi watatu hawatoshi.

Yule mwanao mdogo mwenye pumu, niletee pampu yake pamoja na kile kichupa cha kuvutia dawa, vyote viandikwe jina, na karatasi yenye mkono wako: apulizwe mara ngapi, na lini akimbizwe hospitali. Bila karatasi sitoi dawa, hata ya mafua.

Wadogo nafasi zimebaki sita. Nitakuwekea moja ya yule mdogo, lakini yule mkubwa ana miaka 6, kwa hiyo atakwenda banda la nyuma na atalia siku ya kwanza. Usirudi getini kumchungulia. Nitumie hizo picha tatu kabla ya Ijumaa. Na bakuli langu la pilau bado liko kwako.

Wako,
Mama wa kituo