Leo sitaweza kuja kumfundisha binti

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Naomba radhi, leo saa kumi jioni sitaweza kuja kumfundisha binti. Najua umepanga kwenda Kariakoo ukitegemea nitakuwa naye nyumbani, kwa hiyo nakuandikia kabla hujatoka.

Nimeamka na macho mekundu. Kope zilikuwa zimegandana kwa matongotongo, na jicho la kushoto linawasha kama limeingia mchanga. Homa sina, na kusimama ubaoni ningeweza. Ila ugonjwa huu huenda kwa mikono: ukigusa jicho kisha ukagusa kalamu, mwenzako naye akaishika na kujigusa usoni, umeshampa. Mimi na binti tunakaa meza moja na daftari ni moja. Siwezi kumletea haya, na mtihani wa darasa la saba ni Septemba.

Tena juzi tulikuwa pamoja, na dalili huweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza. Tafadhali mpe taulo lake peke yake, anawe mikono kwa sabuni na asijifikiche macho. Yakianza kuwa mekundu, mwoshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kwa pamba unayoitupa. Usimtilie maji ya chai, wala matone ya kununua bila kupimwa, maana mengine yana steroidi na yanaweza kuliumiza jicho. Akilalamika maumivu makali, au haoni vizuri, au mwanga unamuumiza, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu somo, tulikuwa tumefika kwenye asilimia, na kuna mahali pamoja bado panamsumbua. Mpe swali hili: gauni la shilingi 50,000 limepandishwa bei kwa asilimia 20, kisha bei mpya ikashushwa kwa asilimia 20. Sasa linauzwa shilingi ngapi? Nadhani atakimbilia kusema 50,000. Usimsahihishe. Mwulize tu, "Hiyo asilimia 20 ya pili ni ya bei ipi?" kisha mwache akokotoe. Kupanda ni 10,000, bei inakuwa 60,000. Kushuka ni asilimia 20 ya hiyo 60,000, yaani 12,000. Jibu ni 48,000. Akiiona tofauti hiyo mwenyewe, maswali ya faida na hasara yatamnyookea, kwa sababu huko nako anachukua asilimia bila kuuliza ni ya nini.

Hela ya leo uliyokwisha kunilipa ihesabu kwa kipindi cha kufidia. Ningependa kiwe Jumamosi asubuhi, lakini nitakuja tu kama macho yameacha kutoa uchafu. Nitakupa jibu Ijumaa, ili nawe upange shughuli zako.

Mwambie asifute kazi yake hata akigundua amekosea. Nataka kuona alivyofikiri mwanzoni.

Wako,
Mwalimu