Shangazi, usimpe fundi hiyo simu bado

Shikamoo shangazi. Nimesikia simu imejigeuza Kichina chote na kuna mtu wa hapo kwenu anataka kukupigia reseti, tafadhali mzuie kwanza, maana reseti ya kiwandani inafuta picha na kila kitu kilichomo kwenye simu, na hapa kilichobadilika ni lugha ya menyu tu. Fungua Wasapu uone, meseji za watoto si bado ziko kwa Kiswahili? Basi simu ni nzima, na hata barua hii utaisoma humo humo.

Vuta pazia la juu ya skrini, livute tena mpaka lishuke lote, uguse kile kigurudumu chenye meno. Hiyo ndo setingi. Hapo usihangaike na maandishi, we angalia picha: shuka mpaka karibu na mwisho kabisa, kuna duara lenye herufi i ndani, na pembeni pameandikwa 系统. Gusa, halafu ndani yake tafuta alama ya dunia, ile yenye mistari mistari, iko juu juu, uiguse. Simu nyingine wanapanga tofauti, kwa hiyo ukipotea kopi haya maandishi hapa chini, rudi mwanzo wa setingi, gusa kioo cha kutafutia kule juu uyapesti:

```
语言
```

Utajuaje umefika? Utaona orodha fupi yenye namba 1, 2, na kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe, hii ndo imetuokoa kwa kweli, maana simu iwe Kichina, Kihindi au Kiarabu, Kiswahili humo kinabaki kimeandikwa Kiswahili. Ukikiona shika ile alama ya mistari iliyo pembeni yake, usiachie kidole, uburute mpaka juu kwenye namba 1 ndo uachie. Kama hakipo gusa palipo na alama ya +, orodha ndefu itafunguka, shuka taratibu mpaka ukione, chagua Tanzania, kisha ukiburute vilevile. Ikikuuliza kitu kabla ya kubadilisha, kubali.

Menyu zikirudi usitoke hapo shangazi, Kichina bado kimekaa namba 2 na wengi wanakiacha. Apu isiyo na Kiswahili ndani yake inaangalia lugha inayofuata kwenye hiyo orodha, kwa hiyo utashangaa simu imepona ila apu moja moja bado inakuletea Kichina, ukadhani ugonjwa umerudi. Ongeza Kiingereza kwa ile +, kiweke cha pili, halafu gusa vidoti vitatu kule kwenye kona, maandishi yatakayofunguka sasa hivi yako kwa lugha yako, chagua kuondoa, weka tiki kwenye Kichina ukifute. Ukimaliza nibipu nikupigie.