Nembo kwenye ekstensheni: anzia kwenye plagi, malizia kwenye waya

Wateja wengi wakishaona CE kwenye plagi hutosheka. Herufi hizo huchapwa na mtengenezaji mwenyewe kama tamko lake, wala si ushahidi kwamba maabara huru imeipima. Isitoshe, sheria ya Ulaya ya vifaa vya umeme imeziacha nje plagi za nyumbani, kwa hiyo CE kwenye plagi ya pini tatu ni kama pambo tu.

Plagi yetu ya pini tatu bapa ina kiwango chake, BS 1363, na fyuzi iliyo ndani ina chake, BS 1362. Tafuta nambari hizo pamoja na jina la mtengenezaji, kisha itazame pini ya ethi, ile ndefu. Pini za laivu na nyutro huvalishwa plastiki karibu na mwili wa plagi, lakini ya ethi huwa chuma kitupu mpaka shinani. Ukiikuta nayo imevalishwa, irudishe: ikiingia kwenye soketi, plastiki inaweza kukaa pale pini inapopaswa kushika, na pasi ikavujisha umeme bila ethi kufanya kazi.

Kwa hapa Kenya, chini ya nembo ya ubora ya KEBS pana nambari ya kibali. Tuma SM#, ikifuatiwa na nambari hiyo, kwa 20023, kisha linganisha jibu na kilichoandikwa kwenye pakiti. Nembo yoyote huchapika. Jina la kampuni na bidhaa visipooana na ulichoshika, usinunue.

Sasa soma waya, maana hapo ndipo wengi hupigwa. H05VV-F 3G1.5 ni waya laini wa volti 300/500, nyuzi tatu, moja ikiwa ya ethi, kila moja milimita mraba 1.5. Chukua ekstensheni iliyoandikwa 13A kwenye plagi, lakini waya wake ni 3G0.75. Chomeka birika la wati 2000 na pasi ya wati 1000: jumla 3000, gawanya kwa 240, ni ampea 12.5. Fyuzi ya 13 haitakatika, ilhali waya wa 0.75 kwa kawaida hukadiriwa ampea 6. Waya utapata moto kabla fyuzi haijashtuka, hasa ukiwa umekunjwa chini ya zulia.

Maandishi nayo hudanganya. Kwa kipande cha waya ulichokatiwa, menya plastiki, kisha kwangua kwa kisu kiuzi kimoja chembamba cha ndani. Wekundu ukitoka na ndani pakaonekana weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupata moto zaidi kwa unene uleule. Weupe juu na wekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, haina neno. Sumaku ikinasa, kuna chuma ndani.