Omera, ile fom uliyomuuliza Dani

Omera,

Najua hii utasoma. Simu zangu hushiki tangu mazishi ya Dani, nyanya yetu, lakini vitu naandika huku unasoma, na kuna mtu wa hapo nyumbani huja kuniambia vile umesema. Basi leo nakuandikia mbele ya watu, kwani hata wewe ile stori uliitoa mbele ya watu.

Nilikuwa napita na sufuria ya wali nyuma ya tenti wakati ulishika maiki. Ukaanza, "wacha niwape moja ya Dani na fom," na watu wakacheka mpaka yule mchungaji akashika tumbo, na najua ulikuwa unataka kutuondolea huzuni kidogo, wewe ndio huwa hivyo tangu utoto. Lakini ulisema "Dani hakuwa anashika Sheng." Hapo ndio nilienda nyuma ya jikoni nikaweka hiyo sufuria chini. Dani alishika. Alishika kila neno, na shida ilikuwa hapo hapo.

Wewe ulikuwa Nakuru, hukuona uso wake, kwa hivyo wacha nikwambie. Ilikuwa jioni, amekaa kwa kile kiti chake anapukuchua mahindi, nikaweka simu spika nikaishikilia karibu na sikio lake la kulia, lile zuri. Ukaingia kwa ile sauti yako, "Niaje Dani! Sasa? Fom ni gani?" Yote kwa pumzi moja.

"Niaje" hakuna tatizo. Watu wanadhani wazee hawajui niaje, na Dani amekaa Nakuru miaka mingapi na Guka huko Bondeni, Kiswahili chake chote ni cha soko la Nakuru, "unasema aje", "umeamka aje". Niaje ni hiyo hiyo "ni aje", aliisikia akatabasamu. Alafu ukasema "sasa". Kwako hiyo ni salamu nzima, inaisha hapo, unangoja "poa" ama "fiti". Kwa Dani "sasa" haiwezi kuisha hapo. Sasa ni mlango wa maneno, mtu akikwambia "sasa" anataka kukuletea jambo, kwa hivyo aliacha gunzi, akainamisha kichwa kwa simu akangoja hilo jambo. Na jambo likakuja: fom ni gani.

Hebu soma vile yeye alisikia. "Sasa, fom ni gani?" Hiyo ni sentensi kamili, Omera, hata mwalimu wa Kiswahili hawezi kuipiga kalamu nyekundu. Mtu anauliza ni fom ipi. Na ilikuwa ni wakati wa basari, fom ya mtoto wa mwisho ilikuwa inangoja muhuri ya chifu, hiyo ndio fom pekee ilikuwa inazungumzwa hapo nyumbani wiki nzima. Wewe ulikuwa unauliza ana mpango gani siku hiyo. Akakujibu, "Ile ya mtoto? Nitaifuata kesho." Na wewe, sijui ulikuwa kwa matatu ama wapi, ukasema "poa poa, nipe huyo msichana." Yeye akachukua hiyo poa kama mmekubaliana. Simu ikakatwa, kila mtu ameridhika, na hamkuwa mmeongea kitu kimoja.

Hapa kazini nakaa kwa dirisha la kuandikisha wagonjwa na wazee wanapita mbele yangu kutoka saa mbili asubuhi. Nimejifunza kitu moja, neno geni halimpotezi mzee. Kijana akimwambia "rada ni gani shosho", huyo shosho atasema "ati?" ama atageukia mtu aliyekuja naye, na hapo unajua, unarudi nyuma unasema vingine. Neno linalompoteza ni lile analijua kwa maana ingine. Halimwambii simama. Sasa, fom, hata "bibi". Kuna mhudumu aliletwa kwetu kutoka pwani, ana heshima mpaka unashangaa, akamwita mama mmoja wa Nyakach "bibi", na huko kwao bibi ni nyanya. Huyo mama alimwangalia kutoka juu mpaka chini akamwambia, "Mimi nilizika bwana yangu, siko bibi ya mtu." Kiswahili safi kabisa, hakuna Kiingereza hata nukta ndani, na bado waligongana. Kwa hivyo usifikirie nakuja kukuambia muache kuchanganya lugha, sijasema hivyo.

Na dalili zenyewe si ngumu kuona. Ukimuuliza mzee swali la "vipi" ama "gani" akujibu "ndio", hajakupata. Akirudia neno lako la mwisho polepole, bado analitafuta. Akisema "mzuri" kwa kila kitu ndio mbaya zaidi, kwa sababu "mzuri" inajibu tu ile tuni ya salamu, hata maneno yenyewe hayajafika. Na kwa simu ni mara mbili, kwa sababu masikio ya uzee yanapoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s na f na t, na simu nayo inazikata zaidi, na mdomo wako haoni. Anabaki kujaza mapengo kwa kukisia neno gani linafuata. Sasa wewe unabadilisha lugha mahali hatarajii, atakisia na nini? Alafu akisema "ati?" mnarudia neno lile lile kwa sauti ya juu. Badilisha hilo neno moja tu, sentensi uiache vile ilikuwa. "Dani, mpango ni gani?" Ni hivyo tu. Lakini hata hakusema ati, si nimekwambia, hakuwa na sababu ya kusema.

Na kinachoniuma ni kwamba wewe ndio ulikuwa unajua kuongea na yeye kutushinda wote. Unakumbuka ile siku ya dawa za presha? Yule daktari kijana alimweleza kwa Kiswahili cha kitabu, "mara mbili kwa siku, baada ya mlo", Dani akasema ndio, ndio. Mimi nikajaribu Dholuo tupu, nikakwama katikati kwa sababu Dholuo yangu ni ya kusalimia na kununua samaki. Wewe ukachuchumaa mbele ya kiti chake. Hukuanza na dawa. Ukasema "Oyawore, Dani," ukanyamaza, ukangoja akujibu "Oyawore ahinya, nyakwara", akuulize watu wako, umuulize goti. Alafu ndio ukasema, "Dani, hii yath ya presha unameza moja okinyi, moja odhiambo." Kiswahili ndio kimebeba, na Dholuo ni maneno matatu tu, dawa, asubuhi, jioni, yale matatu ambayo akikosea anaumia. Presha umeiacha presha kwa sababu yeye mwenyewe huita presha. Akarudia bila kuulizwa, "okinyi achiel, odhiambo achiel." Hakuwahi kukosea hizo dawa hata siku moja. Hiyo nayo si ni kuchanganya?

Ndio maana nilikasirika. Ulikuwa unajua.

Kesho yake alitoka saa kumi na mbili na nusu, kabla sijaamka. Miaka 81. Kitambulisho amekifunga kwa kitambaa, hiyo barabara yote ya vumbi kwa miguu mpaka kwa chifu, akakaa kwa benchi mpaka saa saba mchana ndio akaambiwa hakuna fom ya mtu inangoja mtu, hiyo ya mtoto shule bado haijarudisha. Alirudi na boda ya mkopo. Akaniambia, "Mwambie huyo mtoto nimechelewesha, asikasirike."

Sasa najua unasema nini hapo ulipo. Unasema mimi si nilikuwa hapo? Si ni mimi nilishika simu? Ndio, nilikuwa hapo. Nilisikia "nitaifuata kesho" na nikajua ameenda kwa basari na wewe uko kwa mpango wa siku, na nilicheka. Nilicheka kidogo, kwa pua. Nilikuwa na ugali motoni na nikafikiria nitamweleza tukikula, alafu tukakula, stima ikapotea, nikasahau. Na kwani mimi ni mkalimani wenu? Mtu akisalimia nyanyake si amalize salamu yake mwenyewe. Sikujua ataamka mapema hivyo. Mtu yeyote angefikiria atangoja niamke.

Hata hivyo sikusema kitu matanga yote. Wewe ulitoa stori, mimi nikanyamaza, watu wakacheka Dani.

Lakini kuna kipande hukijui na hicho ndio kimefanya niandike. Hiyo jioni ametoka kwa chifu nilimwambia, Dani, hakukuwa na fom, alikuwa anakusalimia tu. Hakucheka. Alikaa. Alafu akasema, "Kumbe alikuwa ananisalimia. Na mimi sikumjibu." Hiyo ndio ilimsumbua, wala si benchi ya chifu. Unajua vile wao huchukulia salamu isiyojibiwa, ni kama umemfungia mtu mlango. Akanituma nikupigie saa hiyo hiyo. Nikapiga mara mbili, mteja hapatikani, na kesho yake nikaenda kazini, na wiki ikaisha, na zingine.

Aliniuliza kwanza hiyo fom maana yake ni nini hasa. Nikamwambia ni mpango, anauliza una mpango gani leo. Akafikiria. Basi hii ndio alisema nikwambie: yeye ameamka vizuri, goti la kushoto ndio linasumbua kukiwa na baridi, na fom ni kupalilia ile sehemu ya mtama karibu na choo kabla mvua irudi, akimaliza atapumzika.