YAH: MEMORI KADI YA GB 256 ILIYOKUWA NA GB 29, NA KUITWA MWIZI KWENYE KAUNTA YENU

Mbagala, Dar es Salaam
27 Juni 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Kwanza pokea salamu zangu. Nakuandikia kuhusu oda ya memori kadi ya kamera niliyoifanya tarehe 26 Mei na kuichukua kwenye kituo chenu tarehe 30. Sera yenu ya kurudisha bidhaa sitaieleza hapa, maana mmeiandika wenyewe. Nimejitahidi barua hii iwe ya adabu tangu mwanzo hadi mwisho. Kama kuna mahali adabu hiyo imepungua, naomba usome tena kilichonipata tarehe 17 Juni.

Siku hiyo nilifika kaunta saa nne asubuhi na kadi, risiti, karatasi ya vipimo, na video niliyoipiga kwa simu wakati nafungua kifurushi chenu. Dada aliyekuwa zamu hakuitazama video. Aliichomeka kadi kwenye kompyuta, akasoma kilichoandikwa, akasema: "Kaka, hii kadi ni nzima, inasoma GB 238. Nyie wapiga picha tunawajua. Mnanunua feki Kariakoo halafu mnakuja kutubambikia." Alisema hivyo mbele ya watu wasiopungua kumi waliokuwa kwenye foleni. Kisha akamwita mlinzi.

Ndugu Meneja, hiyo namba 238 ndiyo uongo wenyewe. Kadi halali ya GB 256 huonekana kama 238 kwenye kompyuta ya Windows, kwa sababu mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows inatumia kipimo kikubwa zaidi kidogo. Mghushi analijua hilo. Anachukua kadi yenye chipu ndogo, anabadilisha programu iliyo ndani ya kadi ili ijitangaze kuwa ya 256, kisha anaibandika nembo ya kampuni kubwa. Ukiichomeka inasema 238. Ukiifomati inakubali, na bado inasema 238. Kadi ndiyo inayojibu swali hilo, na kadi imeshafundishwa cha kujibu. Kuiuliza kadi kama ni feki ni sawa na kumuuliza mshukiwa kama ameiba, akikana unamwachia. Hicho ndicho kipimo pekee nilichokiona kituoni kwenu.

Kipimo cha kweli ni kuijaza na kuisoma tena. Mimi nilitumia H2testw, programu ya bure ambayo haihitaji hata kusakinishwa. Inaandika mafaili mpaka kadi ijae, kisha inayasoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Niliiwasha jioni ya tarehe 16, ikakesha. Asubuhi nikakuta imeandika: "The media is likely to be defective." Sehemu iliyosomeka sawasawa ilikuwa GB 29.1. Zilizobaki, zaidi ya GB 200, pembeni yake palisomeka DATA LOST. Kasi ya kuandika ilikuwa megabaiti 9 kwa sekunde, wakati kadi ina alama ya V30, inayoahidi zisipungue 30. Karatasi hiyo ndiyo dada yenu aliyoisogeza pembeni kwa kidole kama kitu kichafu.

Mtaniuliza kwa nini sikugundua mapema, na mkaguzi wenu ameshaniuliza kwa barua pepe. Kati ya tarehe 30 Mei na harusi niliyoajiriwa kurekodi nilifanya kazi mbili ndogo, kitchen pati na mahafali, na hakuna iliyofika GB 20. Kila nikimaliza nahamisha picha, nafomati, naanza upya. Kadi ikifomatiwa, kamera huanza kuandika mwanzoni, na mwanzoni ndiko kwenye ile chipu ndogo ya kweli. Kadi ya namna hii inaweza kukaa miezi bila kujulikana, hadi siku utakapopata kazi kubwa.

Kazi kubwa ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Juni. Kamera yangu ina tundu moja la kadi na inakula kama GB 22 kwa saa, kwa hiyo GB 29 zilinifikisha saa moja na dakika ishirini: bibi harusi anavalishwa, msafara, watu wanaingia kanisani. Baada ya hapo kamera iliendelea kuwaka taa nyekundu na dakika zikaendelea kuhesabika. Hadi usiku nilikuwa na karibu GB 90. Nilipofika nyumbani nikakuta majina yote ya mafaili yapo, ukubwa wake upo, saa zipo. Orodha ya mafaili hukaa mwanzoni mwa kadi, kwa hiyo ilinusurika. Nikibofya faili lenyewe halifunguki. Viapo havipo. Pete hazipo. Babu yake bibi harusi alisafiri kutoka Songea, mtu mzima wa kushikwa mkono, akasimama ukumbini kumwombea mjukuu wake kwa Kingoni. Hayupo. Mwenzangu alikuwa na kamera nyuma ya ukumbi, ana picha ya mbali isiyo na sauti ya maana. Nilipeleka kadi kwa fundi wa kufufua data, akaniambia ukweli uliokuwa mchungu kuliko bei yake: hakuna cha kufufua, kwa sababu hakikuwahi kuandikwa popote.

Sasa barua pepe yenu ya tarehe 20. Mmeandika kwamba muuzaji aliyeweka kadi hiyo kwenye ukurasa wenu ana nyota nne na nusu na kwamba wateja wengi wameridhika. Nimezisoma hizo sifa zote moja moja. Karibu zote zimeandikwa siku ile ile ya kupokea mzigo au kesho yake: "imefika haraka", "inasoma GB zote, asante". Walichokiona ni ile namba 238, kama dada yenu. Hakuna hata mmoja aliyesema ameijaza. Kwa kiatu, mteja anaweza kuona gundi imevuja au mshono umepinda siku ya kwanza. Kwa kadi, sifa za siku ya kwanza hazithibitishi kitu, na nyinyi mnaziweka juu kabisa ya ukurasa kumshawishi mtu mwingine.

Na wala bei haikuwa ya kutupa. Ningelipa shilingi 15,000 mngesema nilijitakia. Nililipa 62,000, na ukurasa ule una alama yenu wenyewe ya "Bidhaa Halisi". Alama hiyo ndiyo niliyoinunua. Naomba mniambie nani ndani ya kampuni yenu aliiweka, na alipima nini kabla ya kuiweka.

Narudi kwenye tarehe 17, kwa sababu siwezi kuipita. Sikueleza yote pale juu. Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na kaka yake bwana harusi. Familia ilitaka kuona kwa macho kwamba kosa si langu, nami nikamwambia twende, kampuni ile inaheshimika, watatusikiliza. Ndiye aliyesimama kushoto kwangu dada yenu aliposema "mnanunua feki Kariakoo halafu mnakuja kutubambikia". Alinitazama usoni. Dada akainua kadi juu ili foleni nzima iione, akasema "kadi nzima hii", na watu wawili wakacheka. Nikamwomba kwa sauti ya chini: dada yangu, naomba utazame video tu, ni dakika mbili, namba ya kifurushi inaonekana kabla sijakata gundi. Akasema hana muda wa sinema. Mlinzi akaniwekea mkono begani. Nina umri wa miaka 41, nimefanya kazi hii miaka 16, na sijawahi kutolewa nje ya ofisi ya mtu. Kaka yake bwana harusi hakusema neno hadi tulipofika kituo cha daladala. Pale akaniuliza, "Lakini kweli hukuinunua Kariakoo?"

Kwa ajili ya swali hilo nilimpa ndugu yangu fedha, akaagiza kadi ile ile kwenye ukurasa ule ule kwa jina lake. Ilifika tarehe 23. Tuliifungua mbele ya kaka huyo, tukaanza kuijaza mbele yake. Hatukuhitaji hata kukesha. Mkiwa na haraka, andikeni MB 40,000 tu, chini ya saa mbili mnapata jibu. Ya pili nayo ilikufa kwenye GB 29.1. Kwa hiyo si kadi moja iliyopotea njia. Mna mzigo mzima wa namna hii ghalani, na mpaka naandika barua hii ukurasa bado uko wazi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai shilingi 62,000 zangu, 62,000 za ndugu yangu, na nauli. Bado nazidai. Lakini nimeirudishia familia shilingi 480,000 zilizokuwa malipo yangu yote, nazo nazidai pia, maana zimepotea kwa alama yenu ya "Bidhaa Halisi". Nataka ukurasa huo ufungwe, na kila aliyenunua hapo atumiwe ujumbe wa kumtahadharisha asiiamini kadi hiyo kabla ya kuijaza na kuipima. Kuna mtu sasa hivi anaandaa kurekodi kitu ambacho hakitarudiwa. Na nataka barua ya kuniomba radhi, yenye muhuri, inayosema wazi kwamba kadi ilitoka kwenu. Barua hiyo si yangu. Naipeleka kwa ile familia.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14. Nimesoma tena barua pepe yenu ya tarehe 20, mstari wa mwisho, "suala hili tumelifunga", na nimeona siku 7 zinatosha. Ikifika Ijumaa, tarehe 4 Julai, bila jibu la maandishi, Jumatatu ya tarehe 7 nitakuwa Tume ya Ushindani (FCC) na kadi zote mbili, risiti zote mbili, na video za kufungua vifurushi. Kushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ni kazi yao. Nitawaandikia pia wenye nembo, ili waijue ghala inayotoa bidhaa zenye jina lao. Fidia ya kazi yangu nitaipeleka mahakamani, na kaka yake bwana harusi amekubali kuwa shahidi wa yaliyosemwa kauntani. Amekubali baada ya kuiona kadi ya pili.

Kadi sitaziacha tena kituoni kwenu. Mkitaka kuzipima, mtapima nikiwa nimekaa hapo, kwa kuzijaza.

Nimeambatisha nakala za risiti mbili, matokeo ya vipimo viwili, na barua pepe yenu.

Wenu,
Mteja wa oda ya tarehe 26 Mei