Barua ya wazi kwa vijana wanaouza pampu za sola vijijini

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira. Nilialikwa kwenye mkutano wa kikundi cha wakulima wa zabibu nje kidogo ya Dodoma, nikakaa nyuma chini ya mwarobaini, nikamsikiliza mwenzenu mmoja akinadi pampu ya kisima kirefu. Maelezo aliyatoa vizuri. Paneli alizileta, maji yaliruka, watu wakapiga makofi. Kisha mwenyekiti akasema, “Haya, maswali,” na hapo ndipo kazi yote ilipoharibika.

Mama mmoja alisimama akauliza, “Mwanangu, kisima chetu mwezi wa kumi maji hushuka sana. Hizo lita 30,000 kwa siku tutazipata na mwezi huo?” Kijana akajibu papo hapo, “Mama, usiwe na wasiwasi. Jua ni lile lile, maji ni yale yale.” Mama akakaa. Watu wakageuka wakaanza kunong'onezana Kigogo, na katibu akafunika daftari lake. Kijana akadhani wameridhika, akahamia kwenye bei. Hawakununua.

Wakulima wale wanakijua kisima chao kuliko sisi sote. Wanajua kamba ya ndoo inavyoongezwa kiangazi kikikolea. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba maji ni yale yale, umemwambia kwamba hata yale mengine uliyoyasema asubuhi nzima huna hakika nayo.

Swali lile lilikuwa na nusu inayojibika palepale, na nusu isiyojibika. Tuanze na inayojibika. Paneli zile zile kwa jua lile lile zina nguvu ile ile ya kuinua maji. Kama zinatoa lita 30,000 kwa siku maji yakiinuliwa mita 40 mpaka kwenye tangi, yakishuka ikabidi kuinuliwa mita 60, tegemea lita 20,000 hivi, tena hapo umekadiria kwa ukarimu. Pampu nyingi zikikaribia mwisho wa kimo chake maji hupungua haraka kuliko hesabu hiyo, na kimo kikipita uwezo wake mota inazunguka na tone halifiki juu. Hili kila muuzaji wa pampu anapaswa kulisema bila kufungua kitabu, na kulisema mwenyewe kabla hajaulizwa.

Nusu isiyojibika ni hii: kisima chao kinashuka hadi mita ngapi? Hilo hulijui, mimi silijui, na kiwanda hakilijui. Liko kwenye ripoti ya majaribio ya kuvuta maji aliyoiacha mchimbaji. Humo mna kina cha maji kisima kikiwa kimetulia, kina wakati wa kuvuta, na kiasi ambacho kisima kinaweza kutoa kwa saa. Hata ripoti yenyewe tazama ilipimwa mwezi gani. Iliyopimwa mwezi wa nne, mvua zikiwa zimejaa ardhini, haikwambii ya mwezi wa kumi. Hapo inabidi mtu ateremshe kamba ya kupimia wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo jibu lilikuwa hivi, na ningependa mlitamke kwa utulivu, mkiwa mmelielekea kundi zima, si mama peke yake: “Mama ameuliza kama lita 30,000 zitapatikana mwezi wa kumi. Maji yakishuka, lita zitapungua, hilo ni hakika. Zitapungua kwa kiasi gani, leo siwezi kusema, kwa sababu sijui kisima chenu kinashuka hadi wapi. Katibu, ripoti ya mchimbaji mnayo? Nikiipata leo, fundi wetu atapiga hesabu. Alhamisi saa nne asubuhi nitampigia katibu, na kwenye mkutano wenu ujao nitakuja kuwasomea jibu wote.”

Tazameni yaliyomo. Swali limerudiwa ili wa nyuma wasikie na mama aone ameeleweka. Linalojulikana limesemwa, lisilojulikana limetajwa pamoja na sababu yake. Kikundi kimepewa kazi ndogo ya kuleta ripoti. Kuna siku, kuna saa, kuna mtu wa kupigiwa. “Nitafuatilia” tupu haina hata kimoja cha hivyo, na vijijini wameisikia kwa kila aliyewahi kupita na gari lenye nembo.

Swali hilo liandikeni mbele ya macho yao, kwenye karatasi ile ile ya ukutani mliyoandika lita na bei. Na mkirudi, jibu lisomwe kwa wote. Wengi wenu mna tabia ya kumnong'oneza mwenyekiti kwenye simu mkaona yamekwisha. Mwenyekiti akilisahau au akilipindisha, mama yule atabaki na mashaka yake, na siku ya kupiga kura za kuchangia fedha, mashaka yake ndiyo yatakayozungumza.

Najua kwa nini mnaogopa kusema “sijui.” Tumewalea hivyo. Shuleni mtoto aliyesema hajui alichekwa au alichapwa, aliyebahatisha akapigiwa makofi. Mkaajiriwa kwa meneja anayetaka idadi ya oda kila Ijumaa, asiyeuliza oda ile ilipatikana kwa ahadi gani. Lawama hiyo ni yetu wazee na mabosi wenu, wala siwezi kuwatwisha ninyi peke yenu. Lakini mwezi wa kumi, zabibu zikikosa maji, meneja hatakuwepo shambani. Utakayetafutwa ni wewe uliyeacha namba yako ya simu.

Mengine nayataja kwa ufupi. Mkiulizwa waranti, tenganisheni: ile miaka 25 ya paneli ni ahadi ya kiwango cha umeme, na pampu na kidhibiti vina waranti yao, mara nyingi fupi zaidi, isomeni kutoka kwenye karatasi. Mkiambiwa bei yenu iko juu kuliko ya duka la mjini, msiliponde duka. Ulizeni ile ni ya mita ngapi na lita ngapi, kisha linganisheni. Anayeuliza kwa ukali msimjibu kwa ukali, kwani mara nyingi anasema wanachokiogopa walionyamaza. Na wakianza kubishana nani atakaa na ufunguo wa banda la pampu au nani atashika fedha za maji, nyamazeni. Hilo si swali lenu, hata wakiwageukia.

Kuna jambo moja la mwisho, ndilo gumu kuliko yote. Fundi akipiga hesabu, jibu linaweza kuwa baya. Pengine pampu mliyowaonyesha haitoshi, inatakiwa yenye kimo kikubwa zaidi na paneli za ziada, na bei inapanda. Au pampu inatosha ila kisima chenyewe hakina maji ya kulisha eneo lote. Hapo wengi hupotea, simu hazipokelewi. Wanangu, nendeni siku ile ile mliyoahidi. Wawekeeni njia zote mezani: pampu kubwa kwa bei hii, au pampu ile ile na kumwagilia ekari chache mwezi wa tisa na wa kumi, au kutonunua mpaka kisima kipimwe upya. Kisha kaeni chini, muwape nafasi wazungumze kwa lugha yao kwa muda wanaoutaka.

Mzee wenu,
Muuza pampu mstaafu, Dodoma